Karatasi ya Ukutani: Kumuuguza Mgonjwa wa Saratani Nyumbani Hadi Mwisho

Daktari akishasema kwamba matibabu ya kuponya yamefika mwisho, familia hurudi nyumbani na mgonjwa, mfuko wa dawa, na karatasi yenye muhtasari wa mpango wa huduma. Dawa huwa nyingi na karatasi huwa fupi. Lakini ile karatasi ndiyo inayoamua kama mgonjwa atalala usiku au atapiga kelele hadi alfajiri, na ndiyo inayopuuzwa kuliko kitu kingine chochote. Sisi tunaofanya kazi ya tiba shufaa, ile huduma ya hospisi, tumeona karatasi nzuri zikiokoa nyumba na karatasi mbovu zikiitesa.

Hapa tunafuata familia moja ya mtaa wa Kaloleni, Kisumu. Majina tumeyaacha. Mama wa nyumba, mwenye miaka hamsini na kitu, alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ndani ya nyonga. Waliomuuguza walikuwa binti yake mkubwa, aliyekuwa akienda kazini mchana, mkaza mwana mwenye mtoto mchanga, na mama mdogo, yaani dada wa mgonjwa, aliyekuja kutoka Mumias na kukaa hadi mwisho. Mtoto wa kiume alikuwa Nairobi, na ndiye aliyekuwa akituma pesa.

Karatasi ya kwanza waliyotoka nayo hospitali ilikuwa na mistari minne. Mmoja ulisema mofini miligramu 5, na pembeni yake tarakimu: 6–10–2–6–10. Mwingine ulisema "rudi 2/52". Hiyo 2/52 ni mkato wa wahudumu wenye maana ya wiki mbili. Nyumbani hakuna aliyeijua, na mkaza mwana aliidhania namba ya chumba. Kosa hilo halikuwa na madhara makubwa. Kosa la tarakimu za saa ndilo lililomtesa mgonjwa.

Aliyeiandika alifikiria saa za Kizungu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Binti, aliyezoea saa za ofisini, alizisoma hivyo hivyo. Alitoa dozi ya alfajiri akaenda kazini. Mama mdogo akaisoma karatasi ile ile kwa saa zake: sita, kumi, mbili. Akatoa dozi saa sita mchana na nyingine saa kumi jioni. Binti akarudi na kutoa yake ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo asubuhi mgonjwa alikaa saa sita bila dawa, ilhali nguvu ya mofini ya maji huisha baada ya takriban saa nne, na jioni alipewa dozi mbili zilizopishana kwa saa mbili tu. Kila adhuhuri alikuwa akilia kwa maumivu, na kila jioni alikuwa akisinzia katikati ya maneno. Familia ikahitimisha kwamba dawa haifanyi kazi mchana na inamlewesha usiku. Wote wawili walikuwa wametii maandishi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kudai kabla ya kuondoka hospitali au hospisi ni saa zilizoandikwa kwa maneno. "Saa kumi na mbili asubuhi" haina tafsiri mbili. Cha pili ni kwamba anayeandika amsikilize anayeuguza akisoma kwa sauti, maana kusoma kwa sauti huanika kosa palepale. Cha tatu ni kipimo. Karatasi ya kwanza ilitaja miligramu, na nyumbani hakuna kitu cha kupimia miligramu. Kuna kijiko cha chai, na vijiko havilingani. Mofini ya maji hupimwa kwa sirinji isiyo na sindano, kwa mililita. Chupa waliyopewa ilikuwa na miligramu 1 katika kila mililita, kwa hiyo miligramu 5 ni mililita 5, sirinji ndogo iliyojaa. Wengi hulizoea hesabu hili jepesi hata wakasahau kwamba linategemea chupa. Tutalirudia suala hilo, kwa sababu siku za mwisho chupa ilibadilika.

Tulipoiandika upya, karatasi ilikuwa hivi. Ilibandikwa ukutani juu ya meza ya dawa, kwa maandishi makubwa ambayo mama mdogo angeyasoma bila miwani:

Mofini (chupa ya miligramu 1 kwa mililita 1). Saa kumi na mbili asubuhi, mililita 5. Saa nne asubuhi, mililita 5. Saa nane mchana, mililita 5. Saa kumi na mbili jioni, mililita 5. Saa nne usiku, mililita 10, kisha alale. Usingoje maumivu yaanze.

Maumivu yakija katikati: mililita 5 papo hapo. Bado yapo baada ya saa moja, rudia. Dozi ya saa yake inabaki pale pale. Andika kwenye daftari.

Dozi za katikati zikifika 3 kati ya asubuhi moja na nyingine, piga simu.

Bisakodili ya miligramu 5, vidonge 2 kila usiku. Siku 3 bila choo, piga simu.

Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 mara tatu kwa siku.

Kichefuchefu: metoklopramidi, kidonge 1 cha miligramu 10, hadi mara tatu kwa siku.

Usimpe: Brufen, diklofenaki, wala dawa nyingine ya maumivu kutoka kemisti.

Akiwa mgumu kuamka, au akipumua chini ya mara 10 kwa dakika, au mikono ikishtuka-shtuka: usitoe dozi inayofuata, piga simu kwanza.

Chini kulikuwa na namba mbili za simu, ya mchana na ya usiku. Ni hayo tu. Karatasi inayozidi ukurasa mmoja husomwa siku ya kwanza na haisomwi tena.

Kila mstari una sababu yake, na anayeijua sababu hakosei kirahisi. Dozi ya saa nne usiku ni maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Bila hiyo mtu angelazimika kuamka saa nane usiku kila siku, na anayeuguza asiyelala huanza kukosea vipimo ndani ya wiki moja. Bisakodili si ya kutumia choo kikifunga. Mofini hulegeza mwendo wa matumbo muda wote inapotumiwa, na mwili hauzoei jambo hilo jinsi unavyozoea usingizi na kichefuchefu, ambavyo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Papai na maji ya uvuguvugu ni vizuri, lakini havitoshi. Mgonjwa huyu alikaa siku tano bila choo kwa sababu mkaza mwana aliona mgonjwa hali chakula chochote, basi choo kitoke wapi? Tumbo likajaa, maumivu mapya yakaanza, na yakadhaniwa ni saratani. Choo hutengenezwa hata na asiyekula. Ilibidi nesi aje na glavu kuondoa choo kigumu kwa kidole, jambo chungu na la kufedhehesha ambalo vidonge viwili kwa usiku vingelizuia.

Mstari wa Brufen na diklofenaki ndio unaovunjwa zaidi, kwa nia njema. Mtu anapita kemisti ya Kondele, anaeleza kwamba mama ana maumivu, anauziwa diklofenaki. Kwa mgonjwa mwingine dawa hizo zinaweza kuwa na nafasi yake. Kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa ni hatari ya pekee, kwa sababu uvimbe huibana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo tayari ziko taabani, na dawa hizo huziongezea mzigo.

Daftari nalo lilikuwa la kawaida la mistari, safu nne: saa, dawa, kiasi, aliyetoa. Binti alitaka kuongeza safu ya "hali ya mama", tukamshauri aache. Safu nyingi humchosha mwandishi, na siku ya tatu daftari linabaki jeupe. Lakini safu ya aliyetoa isikosekane. Hailengi kumtafuta mkosaji. Inazuia watu wawili kutoa dozi moja, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa na utulivu. Kisha dozi za katikati zikaanza kuongezeka, na hapa daftari lilifanya kazi yake. Siku moja lilionyesha dozi za kawaida zilizojumlisha miligramu 30, yaani tano mara nne na kumi ya usiku, pamoja na dozi nne za katikati za miligramu 5, jumla 20. Kwa hiyo mgonjwa alihitaji miligramu 50 kwa siku ili atulie. Hamsini ukiigawa kwa vipindi sita vya saa nne unapata nane na kitu. Binti alipiga simu, akasoma safu zake, na dozi ikapandishwa kutoka mililita 5 hadi 8, na 16 usiku. Dozi ya katikati nayo ikawa 8, kwa kuwa hulingana na dozi ya kawaida. Simu ilichukua dakika chache. Bila daftari angesema "mama ana maumivu sana", na hakuna anayeweza kupiga hesabu kutokana na neno "sana".

Familia isiipandishe dozi yenyewe, lakini ijue kwamba kupanda si ishara ya uraibu wala si ishara kwamba mwisho umefika kesho. Uvimbe unakua, na maumivu yanakua nao. Mama mdogo hakuamini. Aliichukua chupa akaificha kabatini, akawaambia, "Hii ndiyo dawa wanayopewa watu wa kufa. Mtaimaliza roho ya dada yangu mapema." Wasiwasi kama huu hautulizwi kwa kumkaripia mtu mzima. Nesi alimwomba amhesabie mgonjwa pumzi kwa dakika nzima kabla ya dozi na tena saa moja baadaye, akitazama saa ya simu. Alipata kumi na nane, kisha kumi na sita. Akarudia siku mbili mfululizo kwa hiari yake. Tangu hapo akawa ndiye mtoaji mkuu wa dawa, na asiyekosea saa.

Kuna hesabu nyingine ambayo karatasi nyingi huisahau: chupa itaisha lini. Kwa dozi mpya mgonjwa alitumia mililita 48 kwa siku, na dozi mbili za katikati zikiongezwa zinafika 64. Chupa ya mililita 500 hapo haifiki siku nane. Mofini haiuzwi ovyo dukani. Inahitaji cheti cha daktari, na si kila kituo kinayo. Tuliongeza mstari: ikibaki ya siku tatu, mtu aende kuchukua nyingine. Walichora alama ya kalamu kwenye chupa, kwenye usawa wa mililita 200. Ijumaa ikifika na chupa iko karibu na alama, hawasubiri Jumatatu. Chupa ikae mahali pa baridi, mbali na jua na watoto. Kwa joto la Kisumu, dirishani si mahali pake.

Harufu ilikuwa mzigo mwingine, na kwa kweli ndiyo iliyoanza kuwafukuza wageni. Saratani ya mlango wa kizazi hutoa uchafu wenye harufu kali kwa sababu bakteria wasiohitaji hewa hula nyama iliyokufa. Manukato na udi havisaidii. Vinachanganyika na harufu na kuifanya mbaya zaidi. Dawa ni metronidazoli, inayowaua bakteria hao. Mgonjwa huyu alielekezwa kuwekewa kidonge ukeni usiku, kwa mkono wenye glavu, na pedi zikabadilishwa kila zilipolowa. Kwa kidonda cha nje, kama cha saratani ya matiti, vidonge husagwa unga laini ukanyunyizwa juu ya kidonda kila kinaposafishwa. Ndani ya siku chache harufu ilishuka sana. Beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda lilisaidia kidogo pia. Wajukuu wakarudi kukaa naye chumbani, na tunaona hilo ni matibabu kama dawa nyingine.

Jambo la kutoka damu lilihitaji ujasiri kuandika. Uvimbe wa namna hii unaweza kula mshipa, na damu nyingi ikatoka ghafla. Si kila mgonjwa hupatwa nalo, lakini lisipotajwa, likitokea nyumba nzima hukimbia ovyo, na mgonjwa hufa peke yake ndani ya gari njiani. Mstari ulisema: wekeni leso mbili za rangi iliyokolea na taulo jeusi karibu na kitanda; damu ikija kwa wingi, funikeni, mtu mmoja amshike na asiondoke, mwingine apige simu. Sababu ya rangi ni kwamba damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na kila anayeiona, hata ikiwa kidogo. Familia hii haikuzihitaji leso zile. Ila mkaza mwana alisema baadaye kwamba kuziona pale kulimpunguzia hofu, maana alijua angeanzia wapi.

Karibu mwezi wa pili mkojo ulipungua. Mgonjwa alianza kusinzia mchana, akawa anajikuna, mikono ikawa inashtuka kama mtu anayeota. Mkaza mwana aliona ule mstari wa mwisho wa karatasi, akaacha dozi ya saa nane, akapiga simu. Alifanya sawasawa. Figo zilikuwa zinaziba. Mofini ikishafanya kazi mwilini hugeuzwa kuwa mabaki ambayo hutolewa na figo. Figo zikichoka, mabaki yanarundikana, na dozi ile ile iliyokuwa sawa wiki iliyopita inakuwa kubwa mno. Dalili zake ni usingizi mzito, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kushtuka kwa misuli, na kuona vitu visivyokuwepo. Mgonjwa alikuwa ameanza kuongea na marehemu mumewe. Wengine nyumbani waliliona hilo kuwa ishara ya kiroho, na sisi hatukuwa na haja ya kubishana nao. Tulitaka tu lisitufanye tusahau kutazama mboni.

Dozi ilikatwa nusu, mililita 4, na kutolewa kila baada ya saa sita, baadaye kila baada ya saa nane. Dozi ya usiku ya maradufu ikafutwa. Karatasi ya zamani ilichanwa mbele ya wote. Tunalisisitiza hilo kwa kila familia: mpango ukibadilika, usikate mstari kwa kalamu na kuandika pembeni. Andika karatasi mpya, weka tarehe, chana ya kwanza. Nyumba yenye karatasi mbili ukutani itatoa dozi mbili. Wala mofini haikuachwa kabisa, ingawa mtoto wa Nairobi alitaka hivyo kwa simu. Ikiachwa, maumivu hurudi, na mgonjwa aliyechoka hivyo hana nguvu ya kuyalalamikia. Atakunja uso, atang'ang'ania shuka, atapumua kwa haraka. Baada ya siku mbili kushtuka kulipungua, na mgonjwa akawa anaamka akiitwa.

Ni wakati huo pesa nyingi zilipotea. Mtoto wa Nairobi, akiwa mbali na akiumia, alilipa mtu kutoka kliniki moja ya binafsi aje atundike dripu za maji na vitamini kila siku. Tunaelewa. Aliye mbali hana cha kushika isipokuwa simu ya kutumia pesa. Lakini figo zisizotoa mkojo hazina pa kuyapeleka maji hayo. Siku ya tatu miguu ilivimba, kifua kikaanza kukoroma, na mgonjwa akawa hawezi kulala chali. Dripu zilisimamishwa. Pesa zile zingenunua godoro gumu zuri, nepi za watu wazima (pakiti ya kumi ilikuwa ikiwagharimu zaidi ya shilingi elfu moja, na kwa wiki waliihitaji zaidi ya moja), glavu, na posho ya msaidizi wa usiku ili binti asipoteze kazi. Anayetuma pesa apewe orodha ya vitu mapema, na bei zake. Asipopewa orodha atanunua matumaini, nayo huuzwa ghali.

Kula nako kulizua ugomvi. Mama mdogo alipika uji wa wimbi na kumlisha kwa kijiko hata alipogeuza uso. Mwili unaozima hauhisi njaa kama wetu, na chakula cha kulazimisha huingia mapafuni. Karatasi mpya ilisema: mpe anachotaka, kiasi anachotaka, akiwa ameketi na yu macho, akikataa, acha. Kazi ya mikono ya mama mdogo ilihamishiwa mdomoni: kulowesha kitambaa safi kwa maji na kuupangusa mdomo na ulimi kila baada ya saa moja au mbili, kisha mafuta ya mgando kwenye midomo. Kiu ya mtu anayekufa mara nyingi ni ukavu wa mdomo, na ukavu huo unatibika kwa kitambaa.

Siku za mwisho mgonjwa hakuweza kumeza mililita 4. Zikimiminwa mdomoni zilimpalia. Hapa ndipo chupa ilipobadilishwa, na hapa tunaomba msomaji asiruke. Chupa mpya ilikuwa kali mara kumi: miligramu 10 katika kila mililita. Miligramu 4 zile zile sasa zilikuwa sehemu nne za kumi za mililita, 0.4, tone dogo ndani ya sirinji ya mililita 1, linalowekwa kati ya shavu na fizi huku kichwa kimeinuliwa kidogo. Hata asiyeweza kumeza vizuri huliteremsha polepole pamoja na mate. Lakini mtu aliyezoea "mililita 4" akivuta mililita 4 kutoka kwenye chupa hii, ametoa miligramu 40. Kwa mgonjwa mwenye figo zilizokufa, hilo ni janga.

Kwa hiyo chupa ya zamani iliondolewa nyumbani siku ile ile na kurudishwa. Sirinji kubwa zote zilikusanywa, zikabaki za mililita 1 peke yake, ambazo haziwezi kubeba kosa kubwa kwa mvuto mmoja. Kwenye sirinji iliyotumika, kipande cha plasta nyekundu kilizungushwa kwenye alama ya 0.4. Na kila mmoja kati ya watatu alivuta maji mbele ya nesi hadi plasta, mara kadhaa. Mama mdogo aliuliza, "Sista, haka katone kweli kanatosha?" Swali zuri. Anayeliuliza ndiye anayeweza kushawishika kuongeza usiku, na ni heri aulize mchana mbele ya watu.

Bisakodili, parasetamoli na vidonge vingine vyote vilisimamishwa. Karatasi ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote: tone la mofini, mdomo, na kumgeuza ubavu kila baada ya saa nne. Familia ilipenda alazwe ubavu wa kulia akielekea kibla. Tulikubaliana kwamba huo uwe ndio ubavu wa kupumzikia, na vipindi vingine aegemezwe kidogo kwa mto ili nyonga isichubuke. Mkoromo wa kifua, unaotokana na mate yasiyomezwa, hupungua mgonjwa akilala ubavu. Kuna sindano ya hayosini inayoweza kusaidia, lakini mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hausikii. Wanaotaabika ni waliokaa kando yake.

Dalili za saa za mwisho ziliandikwa pia, ili zisidhaniwe kuwa za kumkimbiza hospitali: mikono na miguu kupoa, magoti kuwa na mabaka ya zambarau, mkojo kukoma, pumzi kusimama kwa nusu dakika kisha kurudi. Na mstari mmoja ambao tunauweka kila mara: "Atafariki baada ya dozi fulani. Dozi hiyo siyo iliyomuua." Alifariki muda mfupi kabla ya alfajiri, saa tatu hivi baada ya mkaza mwana kumpa tone lake. Mkaza mwana alikuja kutusomea mstari huo mwenyewe, kwa sauti, mara mbili.

Kwa kuwa Waislamu huzika mapema, makaratasi hayakuweza kungoja. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, ambaye huandikisha kifo na kutoa kibali cha kuzika. Namba yake ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi wiki kadhaa kabla, na binti alikuwa amekwenda kumweleza mapema kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa aina hiyo. Bahasha moja ilikuwa tayari: kitambulisho cha marehemu, nakala za vitambulisho vya watoto wawili, na barua ya hospitali inayotaja ugonjwa. Barua hiyo ni muhimu, kwani bila kitu kinachoonyesha sababu ya kifo maswali huwa mengi, na mazishi huchelewa. Familia nyingine huigundua haja yake mwili ukiwa tayari umeoshwa.

Mofini iliyobaki ilirudishwa hospisi siku ya tatu, ikapimwa na kuandikwa. Jirani mmoja wa upande wa Kibuye, mwenye mume mgonjwa, alikuwa ameiomba. Binti alimnyima dawa akampa namba ya simu ya hospisi. Chupa ile ilikuwa na nguvu mara kumi, na mume wa jirani hajawahi kuonja mofini maishani mwake.